Fizi za Wifi Yangu: Matibabu ya Meno Ukiwa na Mimba

Wifi yangu aliposhika mimba yake ya kwanza, fizi zilianza kumtoka damu hata tumbo halijaonekana. Akipiga mswaki, povu latoka jekundu. Akimega hamri la asubuhi kwa meno ya mbele, pale alipomega pabaki na doa la damu. Mtaani kwao Likoni akaambiwa kwamba fizi ya mja mzito haiguswi mpaka ajifungue, basi akauweka mswaki kando na akawa anasukutua kwa maji ya chumvi tu. Ilipofika wiki ya 18 kukazuka na jambo la pili, gego la chini upande wa kushoto likaanza kumwamsha usiku. Hapo ndipo ndugu yangu akanipigia simu.

Mimi kazi yangu ni kusafisha meno na kutibu fizi. Ndiyo niliyoisomea na ndiyo nifanyayo kila siku, katika kliniki moja hapa kisiwani Mombasa. Nikamwambia ndugu yangu amvushe mkewe feri kesho yake, na aje na kitabu cha kliniki ya wajawazito pamoja na dawa zote anazotumia, ziwe za hospitali, za dukani au za miti shamba.

Nasimulia yaliyompata kwa ruhusa yake. Wanawake wengi wanaokuja kwangu na mimba wana hofu ile ile aliyokuwa nayo yeye, na nyumba nyingi zina mzee kama mamangu, ambaye kwa mapenzi kabisa hataki mkaza mwana wake aguswe na sindano.

Kabla sijamfungua mdomo nilimuuliza maswali ambayo yeye aliyaona hayahusiani na meno. Damu yatoka puani? Una madoa ya wekundu au ya buluu mwilini ambayo hukumbuki ulijigonga wapi? Damu ya fizi huanza yenyewe ukiwa umekaa, au mpaka kitu kiguse? Waumwa na kichwa kisichotulia, waona maluweluwe, wahisi maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu? Kiu na mkojo vimezidi? Nikapima presha, nikafungua kitabu chake kutazama kiwango cha damu na vipimo vya mkojo. Maswali haya nayauliza kwa sababu damu kwenye fizi, mara chache, huwa inatoka kwingine kabisa. Chembe za kugandisha damu zikipungua, fizi huvuja bila kuguswa, na hilo laweza kuandamana na ule ugonjwa wa presha ya mimba unapokuwa mkali. Mtu wa namna hiyo simgusi na chombo chochote. Namwandikia barua aende hospitali siku hiyo hiyo. Kisukari cha mimba nacho huzidisha ugonjwa wa fizi. Wifi yangu hakuwa na lolote katika hayo. Damu yake ilitoka pale tu fizi ilipoguswa, presha ilikuwa nzuri, na mkojo wake ulikuwa safi.

Ndipo nikatazama kinywa. Nyuma ya meno ya mbele ya chini, mahali mate yanapojikusanya, ukoga ulikuwa umeshaganda ukawa gumu la manjano linaloziba nafasi kati ya jino na jino. Zile ncha za fizi zinazoingia baina ya meno, ambazo kwa kawaida huwa kali na zimebana, zilikuwa zimevimba na kung'aa, rangi ya zambarau iliyoiva. Nikipitisha kile kijiti cha kupimia, chenye alama za milimita, damu yachomoza kabla sijafika chini. Kijiti kilizama milimita nne mahali pengi, ilhali fizi yenye afya hupimwa milimita tatu au pungufu. Lakini mfupa haukuwa umeliwa, na meno hayakutikisika. Kina kile kilikuwa cha uvimbe tu, fizi imepanda juu ya jino. Tofauti hii ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu fizi iliyovimba hurudi, na mfupa ulioliwa haurudi.

Juu, kati ya jino la pili na chonge, palikuwa na kinyama chekundu ukubwa wa mbaazi, laini, kinachotoka damu kwa kuguswa na ulimi tu. Hicho ndicho kilichomnyima usingizi kuliko maumivu ya gego, kwa maana alishajiambia ni saratani na hakumwambia mtu, hata mumewe. Si saratani. Ni kinyama kinachoota kwa baadhi ya wajawazito mahali fizi inapokuwa imewashwa na ukoga, na mara nyingi husinyaa chenyewe baada ya kujifungua. Tukikikata wakati wa mimba chaweza kuota tena, kwa hivyo tunakiacha, ila kikimzuia kula au kikitoka damu isiyokoma.

Alipoelewa hilo aliniuliza swali ambalo wengi huuliza: "Wifi, sasa ni mtoto anayenifanya hivi?"

Nikamweleza kwamba mtoto hafanyi chochote kwenye fizi. Ukishika mimba, homoni mbili, istrojeni na projesteroni, hupanda sana. Zinapopanda, mishipa midogo ya damu kwenye fizi hutanuka na kupitisha maji kwa urahisi, na fizi huchukizwa upesi na bakteria walio ndani ya ukoga. Ukoga ule ule ambao mwaka jana ulileta wekundu kidogo, mwaka huu waleta uvimbe na damu. Kwa kawaida huanza karibu na mwezi wa pili na kufika kilele mwezi wa nane, kisha hutulia baada ya kuzaa. Huwapata wanawake wengi sana, zaidi ya nusu ya wajawazito. Lakini homoni peke yake haitoshi. Mwanamke ambaye meno yake hayana ukoga huipita mimba yote na fizi zake zimetulia, au zimetoka damu kidogo tu. Homoni hatuwezi kuziondoa na hatutaki kuziondoa, maana ndizo zinazoishikilia mimba. Tunachoweza kuondoa ni ukoga.

Na hapa ndipo ule ushauri wa mtaani unapoumiza watu. Mtu aona damu, aacha mswaki, ukoga wazidi, fizi yavimba zaidi, damu yaongezeka, naye aona alifanya vyema kuacha. Maji ya chumvi hutuliza, sikatai, nami huyashauri. Lakini ukoga ni utando ulionata kwenye jino, na maji hupita juu yake tu. Hautoki mpaka usuguliwe.

Tulipokuwa bado tunazungumza mamangu akaingia. Alikuwa amefuata nyuma kwa matatu, na alipoona kiti kimeshalazwa hakutaka hata kukaa. "Mwanangu, huyu ana kiumbe tumboni. Mimi nimezaa watatu na kila mmoja aliondoka na jino langu, na sikumwendea daktari. Mtoto hula meno ya mamake, ndivyo ilivyo. Mwacheni azae kwanza."

Sikumjibu kwa haraka, kwa sababu asemayo ameyaona kwa macho yake. Kweli ana mapengo matatu. Nilimuuliza kwanza ilikuwaje, naye akasimulia: alipokuwa na mimba yangu alikuwa akitapika mpaka mwezi wa tano, mswaki ukimtapisha zaidi, na kitu pekee kilichomkaa tumboni ni ukwaju na mabuyu. Nikamwambia, mamangu, jibu umelitoa wewe mwenyewe. Mtoto akihitaji madini ya chokaa kwa ajili ya mifupa, huyapata kwenye chakula cha mama, na yakipungua mwili huyachukua kwenye mifupa ya mama. Kwenye meno hayachukuliwi, kwa sababu jino likishakomaa halina njia ya kuyarudisha madini yake kwenye damu. Meno yako yalioza kwa asidi ya matapishi, na kwa sukari na uchachu vilivyokaa mdomoni kutwa, bila mswaki kupita. Yule mtoto alikuwapo tu wakati hayo yanatendeka.

Jambo la mabuyu nataka nilikazie, kwa kuwa ni la kwetu hasa. Mjamzito wa Mombasa akitamani uchachu hana haja ya kwenda mbali. Mabuyu yapo Mama Ngina, yapo Mji wa Kale, yapo kwa jirani anayeyapika nyumbani. Buyu limepakwa sukari na rangi, ndani lina uchachu wake, na halitafunwi likaisha. Hufyonzwa, likahamishwa shavu hili na shavu lile, na likiisha huingia jingine. Kinachooza jino si wingi wa sukari tu, ni muda ambao jino limekaa ndani yake. Wifi yangu alikuwa na pakiti kwenye mkoba hata siku ile. Sikumwambia aache, maana hamu ya mimba haizuiliki kwa hotuba. Nilimwambia ale baada ya chakula, amalize kwa mara moja, asukutue maji, asiwe nayo mdomoni anapofanya kazi au anapolala.

Mama alikubali nisafishe. Nikakunja leso yake, nikaiweka chini ya nyonga ya kulia ya wifi yangu ili mwili uelemee kushoto kidogo, nikakilaza kiti nusu tu. Kila mjamzito aliyefika kati ya mimba humlaza hivyo. Akilala chali kabisa, tumbo la uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, presha yake ikashuka ghafla. Dalili ni jasho jembamba, kizunguzungu, kichefuchefu na kuhisi pumzi haitoshi. Dawa yake ni kumgeuza alalie ubavu wa kushoto, na baada ya muda mfupi hurudi sawa. Wapo wanawake waliozirai kwenye kiti kwa ajili hiyo, wakarudi nyumbani wakasema dawa ya meno iliwadhuru.

Nilikwangua ule ukoga mgumu kwa chombo kinachotikisika kwa maji, kisha nikamalizia kwa vyombo vya mkono. Damu ilitoka, na Mama aliihesabu kila tone. Lakini damu ile ni ya fizi iliyojaa, na hukoma baada ya dakika chache za kubana na pamba. Sikuhitaji ganzi. Nilipomaliza nilimpa kioo, akauona mwanya kati ya meno yake ya chini ambao hakuwa ameuona kwa miaka.

Gego sasa. Hilo halikuwa langu, lilikuwa la daktari wa meno tunayefanya kazi naye. Alimuuliza mambo mawili. Ukinywa maji baridi, maumivu huondoka upesi au hubaki? Hubaki, akasema, kwa dakika nyingi. Na usiku huja yenyewe? Huja yenyewe. Majibu hayo mawili yanatosha kushuku kwamba uozo umefika kwenye mshipa wa ndani ya jino na mshipa hautapona. Kuziba peke yake hakutamsaidia. Zilibaki njia mbili: kutibu mzizi au kung'oa.

Kisha wifi yangu akatoa kwenye mkoba dawa alizonunuliwa dukani kwa ajili ya maumivu, na hapo daktari akakunja uso. Palikuwa na diklofenaki na palikuwa na doksisiklini. Kwa bahati alikuwa amekunywa diklofenaki mara moja tu, na doksisiklini bado haijafunguliwa. Ukiniuliza ni kitu gani hasa kinachohatarisha mimba katika mambo ya meno, nitakuonyesha hicho kifuko cha dawa kabla ya kukuonyesha kiti cha daktari. Diklofenaki, brufeni na dawa za ukoo wao, kuanzia wiki ya 20 zaweza kuzuia figo za mtoto zisifanye kazi vizuri na maji ya uzazi yakapungua. Miezi ya mwisho zaweza kubana mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto kabla ya wakati wake. Doksisiklini na jamaa zake wa tetrasiklini huingia kwenye meno ya mtoto yanayojengeka humo tumboni, kuanzia kama mwezi wa nne hivi, yakaja kuota na madoa ya manjano au ya kahawia yasiyotoka. Na gego lile zisingeliponya, kwa sababu mshipa ulioharibika hivyo ndani ya jino hauponywi na dawa ya kumeza. Ni lazima jino lifunguliwe.

Cha maumivu alichoruhusiwa ni parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 vikihitajika, kwa kuachanisha masaa yasiyopungua sita, na kwa siku chache tu. Daktari alimwambia pia kwamba kama pangekuwa na usaha unaosambaa au homa, angempa amoksisilini, ambayo imetumika kwa wajawazito miaka mingi, lakini hakukuwa na haja.

Mama alipoambiwa kwamba patahitajika eksirei na sindano ya ganzi, akasimama tena. Daktari wetu ni mtu wa subira. Akavuta kiti akakaa mbele yake, akamuuliza, "Mama, ulipojifungua huyu binti yako, ulishonwa?" Akasema alishonwa. "Walikuchoma ganzi kabla ya kushona?" Akasema ndiyo. "Basi dawa ninayotaka kumchoma mke wa mwanao ni hiyo hiyo, lignokeini, na kipimo chake ni kidogo."

Mamangu alinitazama mimi kama ananiuliza iwapo ni kweli. Nikamwambia ni kweli.

Lignokeini ya meno ni ya asilimia 2, nayo huwa imechanganywa na adrenalini kidogo sana, kiasi cha sehemu moja kwa 80,000 au 100,000. Adrenalini hiyo ndiyo watu huihofia, kwamba itabana mishipa ya kondo. Lakini imewekwa ili ibane mishipa ya pale pale fizini, ganzi isikimbilie mwilini, ikae jinoni ifanye kazi na mama apate kidogo zaidi kwenye damu yake. Daktari huivuta sindano nyuma kwanza kuona kama damu inaingia. Ikiingia, maana yake yupo ndani ya mshipa, naye huihamisha. Kisha husukuma polepole. Kufanya kazi hiyo bila ganzi ndiko kubaya zaidi, kwa maana mtu mwenye maumivu makali mwili wake wenyewe humwaga adrenalini nyingi kuliko ile iliyomo katika sindano.

Eksirei ilikuwa ya jino moja. Mwali wake ni mwembamba na umeelekezwa tayani, mbali na tumbo, na mionzi anayopata mtu kwa picha moja kama hiyo ni karibu sawa na ile ambayo mwili hupata kwa siku moja ya kawaida kutoka ardhini na angani. Alivishwa aproni ya madini ya risasi na kola shingoni. Picha za kuridhisha moyo tu hazipigwi kwa mjamzito, lakini kutibu mzizi bila picha ni kupapasa gizani, ukaacha usaha ndani. Tangu 2013 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kimeeleza wazi kwamba eksirei ya meno yenye kinga na ganzi ya sindano ni salama wakati wa mimba, na kuwataka wakunga na madaktari wawaambie hivyo wanawake.

Jino lilifunguliwa siku ile. Mshipa ukatolewa, mizizi ikaoshwa, ikawekwa dawa na kuzibwa kwa muda. Usiku ule alilala. Alirudi baada ya wiki mbili likamaliziwa, na taji la juu likaachwa mpaka atakapozaa, kwa kuwa taji ni kazi ya kukaa mdomo wazi muda mrefu na halina haraka. Alikuwa katika wakati mzuri. Kati ya wiki ya 14 na ya 20 kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa zito, kwa hivyo kazi isiyo ya dharura hupangwa hapo. Lakini huo ni wakati wa starehe ya mama tu. Maumivu, usaha na uvimbe hutibiwa wiki yoyote ya mimba. Sijaona sababu ya kumwambia mwanamke wa miezi saba avumilie jipu la jino mpaka azae. Uambukizo ukishuka shingoni au ukipanda machoni unaweza kumuua yeye na mtoto. Uso ukivimba, mdomo ukashindwa kufunguka vidole viwili, kumeza mate kukawa taabu au homa ikapanda, hapo haendi kliniki ya meno ya mtaani. Anakimbizwa hospitali kubwa hata kama ni usiku wa manane.

Kuna jambo moja ninapenda kulisema kama lilivyo. Wengi wamesikia kwamba ugonjwa wa fizi huleta uzazi wa kabla ya wakati. Ni kweli kwamba wanawake wenye ugonjwa mkali wa fizi wameonekana kuzaa mapema zaidi kuliko wengine. Lakini Marekani walifanya utafiti uliotolewa 2006, wanawake 823 wenye ugonjwa wa fizi wakagawanywa, nusu wakasafishwa meno kati ya wiki ya 13 na ya 21, nusu wakangoja mpaka wajifungue. Waliosafishwa fizi zao zilipata nafuu, na usafishaji haukuwaletea madhara yoyote. Kiwango cha kuzaa mapema hakikubadilika. Kwa hivyo simwahidi mtu kwamba nikimsafisha meno mtoto atakaa mpaka tarehe yake. Namwambia kwamba atakula bila maumivu, atapiga mswaki bila damu, mfupa wake utabaki, na kazi yenyewe haitamdhuru mtoto. Kwangu hizo ni sababu za kutosha.

Nyumbani nilimpa kazi ndogo. Mswaki laini, kichwa chake kidogo kwa sababu kikubwa kilimtapisha, brashi ielekezwe pale jino linapokutana na fizi kwa kulalia, isogezwe polepole. Nilimwambia kabisa kwamba siku za kwanza damu itatoka na asiogope, aendelee pale pale panapotoka, na ndani ya wiki moja au mbili itapungua. Ikiwa haipungui kabisa na mswaki unapita vizuri, arudi nitazame upya. Dawa ya mswaki iwe na floraidi, ateme asisuuze kwa maji mengi. Mswaki wa mti, ambao Mama anautumia na ana haki ya kuupenda, aweza kuendelea nao mradi ncha iwe laini na auchambue mara kwa mara, tena asiusugue kwa kwenda na kurudi juu ya fizi. Akitapika asikimbilie mswaki, kwa sababu asidi imelainisha ngozi ya jino na mswaki utaikwangua. Asukutue kwanza kwa glasi ya maji yenye kijiko cha chai cha bekingi soda, ateme, angoje kama nusu saa au zaidi ndipo apige mswaki. Hilo la bekingi soda Mama alilikariri kuliko yote, akawa anamwekea glasi tayari kando ya sinki.

Alipofika wiki ya 31 nilimwona tena kumsafisha upya. Tumbo lilikuwa limekua, na hata na leso chini ya nyonga, katikati ya kazi aliniambia, "Wifi, naona kiza." Jasho lilikuwa limemtoka mdomoni juu. Nikamgeuza ubavu wa kushoto, nikasubiri, rangi ikamrudia, tukamalizia kazi amekaa wima huku akipumzika kila mara. Fizi zilikuwa bado nyekundu kidogo, kama inavyotarajiwa kipindi hicho, lakini kile kijiti sasa kilizama milimita mbili na tatu, na damu ilitoka sehemu chache za nyuma tu. Kile kinyama kilikuwa pale pale, hakijakua.

Alijifungua mtoto wa kike, salama, kwa wakati wake. Nilimwita kliniki alipomaliza arubaini, akaja naye amembeba. Kinyama kilikuwa kimenywea, pamebaki kivimbe kisichofika hata kichwa cha njiti ya kiberiti, nacho sikukigusa. Tulipanga siku ya taji la gego, na kwa kuwa ananyonyesha daktari akamweleza kwamba ganzi ile ile haizuii kunyonyesha, hana haja ya kukamua na kumwaga maziwa. Mama alikuja pia siku hiyo. Alikaa kwenye kiti yeye mwenyewe, akanionyesha gego lake la nne lililoanza kucheza, akaniambia nitazame kama bado laokoka.